Kahawa kwenye karai: ukawize kabla ya mpasuko au usogeze baada yake?

Binamu yangu amenunua kilo kumi za buni ya Mbinga, ile inayoshuka kwa barabara ya Songea na Masasi mpaka kufika huku kwetu Mtwara. Ameamua kuikaanga mwenyewe ili aanze kuuza kahawa jioni. Washauri wake wawili hawapatani. Mmoja amemwambia apunguze moto katikati, punje zibadilike rangi taratibu, na aepue mara zikimaliza kupasuka. Mwingine amemwambia achochee moto zipasuke mapema, kisha aende nazo mpaka ziwe nyeusi zenye kung'aa. "Kaka, nimfuate nani?" akaniuliza.

Nimekaanga kwa njia zote mbili, kwenye karai la chuma na jiko la mkaa, na wote wawili wanajua wanachokisema. Wanachogombea ni sehemu ipi ya ukaangaji ipewe muda zaidi: ile ya kabla ya punje kupasuka, au ile ya baada. Ya kwanza nitaiita kukawiza, ya pili kusogeza.

Nitazipima kwa mambo manne yale yale. La kwanza ni harufu inayobaki kwenye punje. La pili ni ladha mdomoni, yaani uchachu, uchungu na uzito wake. La tatu ni namna kahawa inavyostahimili kukaa kwenye birika juu ya makaa, maana huku kwetu kahawa nyingi haiishi dakika ileile ilipochemshwa. La nne ni kazi yenyewe ya karaini: inakosewa wapi, na unabaki na gramu ngapi. Lakini kabla ya hayo lazima tujue harufu inazaliwa wapi, la sivyo tutakuwa tunachagua rangi tu.

Sufuria ya kashata na karai la korosho

Mama mdogo wangu wa Mikindani hupika kashata, na sufuria yake ndiyo iliyonifundisha nusu ya jambo hili. Anapotaka kashata za rangi ya asali huweka sukari peke yake motoni kwanza. Inayeyuka, inakuwa ya manjano, inaingia dhahabu, kisha kahawia. "Usiiachie macho," huniambia, "ikishavuka hapo haikusubiri." Sukari nyeupe, ambayo kitaalamu ni sukrosi, huanza kugeuka rangi waziwazi kwenye nyuzi joto 160 hadi 170 hivi. Hakuna kitu kingine mle sufuriani. Sukari inapoteza maji, inavunjika, na vipande vyake vinaungana upya. Huko ndiko kugeuka karameli. Angalia kinachotokea: mwanzoni una utamu mwingi usio na harufu yoyote, na mwishoni una harufu nyingi na utamu umekwisha, pengine umekuwa uchungu.

Sasa chukua korosho zilizomenywa, uzikaange kwa moto mdogo. Nazo zinaingia rangi ya kahawia, lakini harufu yake siyo ya karameli hata kidogo. Ni harufu ya kukaanga, ile inayomtoa mtu chumbani. Korosho ina sukari, ila ina protini nyingi pia, na protini imejengwa kwa asidi amino. Sukari ikikutana na asidi amino kwenye joto, zinashikana na kuanzisha mlolongo mrefu wa mabadiliko unaoishia kwenye rangi ya kahawia na mamia ya harufu. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, na jina lake, linalotamkwa Mayaa, likabaki: mmenyuko wa Maillard. Kwenye karai kavu unaanza kuonekana vizuri kuanzia nyuzi 140 au 150. Ganda la mkate, madoa ya chapati na ngozi ya samaki wa kukaanga ni kazi yake.

Punje ya kahawa ni sufuria ya kashata na karai la korosho kwa pamoja. Katika gramu 100 za buni kavu ya arabika mna sukrosi gramu 6 hadi 9, protini kama gramu 10, na asidi amino zilizo huru zisizofika gramu moja. Kuna jambo moja dogo linalobadilisha kila kitu hapa. Sukrosi ikiwa nzima haiwezi kushikana na asidi amino. Lazima joto liikate kwanza iwe glukosi na fruktosi. Vipande hivyo vikishapatikana, vingine vinanaswa na asidi amino na vingine vinavunjika vyenyewe kwa njia ya karameli, tena mahali palepale, ndani ya chembe ileile iliyofungwa kama chungu cha mvuke.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi unaosikika sana kwa wakaangaji, kwamba kabla ya mpasuko ni Maillard na baada yake ni karameli. Unasaidia kukumbuka, lakini si kweli. Punje hupasuka mara mbili, na mpaka mpasuko wa kwanza unapoisha, sehemu kubwa ya sukrosi imekwisha kuondoka. Kinachoendelea baada ya hapo kwa kiasi kikubwa ni vitu vilivyozaliwa mwanzo kuvunjwavunjwa upya, pamoja na vitu vingine vya buni ambavyo havikuwa sukari kabisa.

Hilo lina maana kwa anayesema anakaanga sana ili "sukari ya kahawa itoke". Sukari haitoki, inaliwa. Utamu unaousikia kwenye kahawa isiyotiwa sukari karibu wote uko puani. Ziba pua, unywe funda moja, kisha uachie. Utamu utarudi pamoja na pumzi.

Harufu chache za kufuata

Buni mbichi inanukia majani makavu na njegere. Baada ya kukaangwa hutoa vitu vya kunukia zaidi ya 800, lakini pua inaitambua kahawa kwa dazeni mbili hivi tu. Binamu yangu nilimwambia afuate makundi matatu, yanatosha kumwongoza.

Kundi la kwanza ni watoto wa Maillard wanaozaliwa mapema: pirazini zinazonukia karanga, na aldehaidi zinazonukia kimea na chokoleti. Aldehaidi hizi hutokea pale asidi amino inaposhambuliwa na vipande vya sukari, ikakatwa na kupoteza hewa ya ukaa.

Kundi la pili liko katikati, na hapa Maillard na karameli wanachangia mtoto. Mna vitu vinavyonukia siagi, na kimoja kiitwacho furaneoli chenye harufu ya karameli yenyewe. Ukikisikia kwenye kahawa huwezi kusema kwa hakika kimepita mlango upi.

La tatu linakua kadiri unavyozidi kukaanga. Mna furfuriltioli, ambayo ina salfa kutoka kwenye asidi amino kama sisteini, na ndiyo inayokaribia kabisa kuwa harufu ya kahawa iliyotoka kukaangwa. Inanusika hata ikiwa kidogo mno. Wanakemia Tadeus Reichstein na Hermann Staudinger waliitambua ndani ya kahawa katika miaka ya 1920, na wote wawili baadaye wakapata Tuzo ya Nobeli kwa kazi nyingine. Pamoja nayo yumo gwayakoli, harufu ya moshi, na ndugu yake anayekaribia karafuu. Hao wawili hawatokani na sukari. Wanatoka kwenye asidi ya klorojeni, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha uchungu wa kahawa pia.

Uamuzi wote umekaa hapa. Kundi la kwanza na la pili hupanda, hufika kilele kwenye ukaangaji wa wastani, kisha huanza kushuka kwa sababu joto linalozidi linawavunja au kuwafukuza. Kundi la tatu linaendelea kupanda. Hakuna dakika ambayo yote matatu yako juu kwa pamoja, kwa hiyo unachagua nani abaki na nani aondoke.

Kukawiza

Nitaeleza karai moja nililolipima. Gramu 300 za arabika ya Mbinga, karai zito la chuma, mwiko wa mbao usiotulia. Dakika tano za kwanza moto ulikuwa wa kawaida: kijani kikapauka, mvuke ukatoka, harufu ikatoka kwenye majani makavu ikawa ya mkate. Punje zikawa za manjano. Hapo joto lake ni kama nyuzi 150, na hapo ndipo nikafunga mlango wa jiko na kutoa makaa mawili. Kutoka manjano mpaka mpasuko wa kwanza nilizipa dakika sita. Zilipita rangi ya korosho iliyokaangwa, zikaingia mdalasini, makapi yakaanza kuruka. Dakika ya 11 zikaanza kupasuka kama bisi. Joto la punje hapo huwa karibu na nyuzi 200. Nikaepua dakika ya 12 na nusu, mpasuko ulipobaki wa punje mojamoja.

*Harufu.* Nilisikia karanga na chokoleti kwanza, kisha siagi na kitu cha karameli kwa nyuma. Ule muda wa dakika sita ndio uliolipa, kwa sababu asidi amino na vipande vya sukari vilipata nafasi ya kukutana kabla joto halijawa la kuvunja. Furfuriltioli imo, ila haijafika kiwango chake cha juu, hivyo ukifungua mkebe hauna ile nguvu ya kahawa inayojaza ukumbi. Inabidi uisogelee.

*Ladha.* Uchachu upo, wa kupendeza, lakini umetulizwa. Kadiri unavyorefusha kipande hiki cha kati, uchachu mkali unapungua na uzito mdomoni unaongezeka, kwa sababu mwisho wa safari ya Maillard ni melanoidini, yale makubwa ya rangi ya kahawia yanayokipa kikombe unene. Anayetoka kwenye kahawa ya barazani ataiona nyepesi kwa uchungu. Mzee mmoja jirani yetu alionja akasema, "Mwanangu, hii nzuri, lakini mbona haijaiva?" Sikumbishia. Kwa kipimo alichokizoea, haijaiva.

*Kwenye birika.* Hapa ndipo inapoanguka. Aldehaidi na harufu za siagi ni nyepesi, zinaondoka na mvuke. Furfuriltioli iliyokuwapo inanaswa na melanoidini ndani ya kinywaji chenyewe na kupotea puani. Na kahawa ikikaa kwenye moto uchachu wake unazidi. Baada ya nusu saa juu ya makaa ile niliyoieleza ilibaki maji machachu ya kahawia. Ile ile, ikinywewa ndani ya dakika kumi, ilikuwa kikombe bora cha wiki hiyo.

*Kazi ya karaini.* Mtego wake ni kukawiza kupita kiasi. Ukipunguza moto mpaka punje ziache kusogea, zinaoka badala ya kukaangwa. Dalili yake unaisikia: mpasuko unakuwa dhaifu, wa hapa na pale, unajivuta dakika nyingi. Harufu inabaki ya mkate na haivuki kwenda kwenye karanga. Kikombe kinatoka kimelala, kama karatasi iliyoloweshwa. Hakuna namna ya kuirekebisha baadaye kwa kuikaanga tena. Kipimo changu ni pua: kuanzia manjano, harufu ibadilike kidogo kila dakika. Ikibaki ileile kwa dakika mbili, rudisha kaa moja. Mtego wa pili ni kuepua mapema kwa hofu. Pasua punje kwa meno. Ikiwa ndani ni ya rangi hafifu kuliko nje na inatafunika kama njegere kavu, haijafika.

Kwa uzito, zile gramu 300 zilitoka gramu 256. Zilipotea 44, yaani kama asilimia 15, nyingi yake ikiwa maji.

Kusogeza

Buni ileile, siku ileile, gramu 300. Moto niliuacha mkali. Manjano ilifika dakika ya nne na nusu, mpasuko wa kwanza dakika ya nane, kwa hiyo kipande cha kati kilipata dakika tatu na nusu tu. Mpasuko ulipoisha nikapunguza makaa na kuendelea. Rangi ikazama, moshi ukabadilika kutoka mweupe mwepesi kuwa wa bluu wenye kuwasha macho. Dakika ya 11 na nusu nikasikia mpasuko wa pili ukianza. Huu hausikiki kama bisi. Ni laini na wa haraka, kama chumvi iliyotupwa kwenye makaa, na punje zinapofika hapo ziko karibu na nyuzi 225. Nikaepua palepale.

*Harufu.* Ilitoka mpaka nje ya ua. Furfuriltioli na gwayakoli wako juu, na kuna harufu nyingine kavu inayotokana na trigonelini, kitu cha kwenye buni kinachovunjika kwa joto kubwa. Karanga imefifia. Harufu ya karameli iliyobaki ni ile ya sufuria ya mama mdogo sekunde chache kabla ya kuungua: nzito, yenye ukingo wa uchungu. Wengi wakisema "harufu ya kahawa" wanamaanisha hii, na hawajakosea, maana kemia inawaunga mkono.

*Ladha.* Uchachu karibu haupo, kwa sababu asidi nyingi za asili zimevunjika. Asidi ya klorojeni nayo imepungua sana, lakini isidhaniwe kwamba uchungu umepungua nayo. Mabaki yake yanageuka kwanza vitu vyenye uchungu wa wastani, na ukizidisha joto yanakuwa vitu vya uchungu mkali unaobaki kooni. Kuepua mwanzoni mwa mpasuko wa pili na kuepua dakika moja baadaye ni kahawa mbili tofauti. Ya kwanza ina uchungu wa kushibisha. Ya pili ina ladha ya mkaa, na hapo hakuna tena tofauti kati ya buni nzuri na mbovu.

*Kwenye birika.* Hapa inashinda kwa mbali. Furfuriltioli inapungua hapa pia, lakini ilianza nyingi. Gwayakoli hahami kirahisi. Uchachu wa kuzidi haupo. Ukiitia tangawizi haiyumbi, na kando ya kashata uchungu wake unakutana na sukari vizuri. Kahawa hii inaweza kukaa juu ya makaa kuanzia magharibi mpaka watu wa baraza wanapotawanyika, na bado ikatambulika.

*Kazi ya karaini.* Kusogeza kuna kosa moja kubwa: karai la chuma halisimami unapotaka wewe. Ukisubiri rangi unayoitaka ndipo uepue, umechelewa, kwa sababu chuma na punje zenyewe bado zina joto la kuzisukuma hatua nyingine. Epua rangi ikiwa nyuma kidogo, mimina kwenye ungo mpana, pepeta kwa nguvu upepo uchukue joto na makapi kwa pamoja. Ndani ya dakika tatu au nne ziwe zinashikika mkononi. Kosa la pili linatokea mwanzoni: moto mkali kwenye buni iliyopigwa na unyevu wa pwani huchoma uso kabla ndani hapajapata joto. Utaona madoa meusi kwenye upande bapa wa punje, na kikombe kitakuwa na moshi na ubichi kwa wakati mmoja. Ukiona hivyo, anza na moto wa wastani mpaka manjano, ndipo uchochee.

Zile gramu 300 zilitoka gramu 246, yaani zilipungua asilimia 18. Ukilinganisha na karai la kwanza, kwa kila kilo moja ya buni unapoteza gramu 33 zaidi. Kwa kikombe kidogo cha gramu 4 hivyo ni vikombe vinane. Kwa upande mwingine punje hizi ni laini, zinatwangika kinuni kwa nusu ya nguvu, na zinatoa rangi na ladha upesi majini, hivyo sehemu ya hasara inarudi. Ila hazikai. Mafuta yametokea juu ya ngozi, na kwenye hewa yetu yenye chumvi na unyevu huchacha haraka. Mkebe wa kusogeza nautumia ndani ya wiki moja. Wa kukawiza hunifikisha wiki mbili au tatu bila kulalamika, ukiwa umefungwa vizuri.

Buni ikiwa robusta, na wanaotia sukari

Yote niliyosema ni ya arabika. Robusta ya Kagera ina sukrosi pungufu sana, takriban nusu yake, na asidi ya klorojeni zaidi. Kwa hiyo kundi la pili la harufu, lile la karameli na siagi, lina malighafi chache kwa njia yoyote utakayoshika, na gwayakoli ana malighafi nyingi. Ukiisogeza mpaka mpasuko wa pili unapata moshi na uchungu mkavu. Mimi robusta huikawiza katikati, kisha naivusha kidogo tu baada ya mpasuko wa kwanza. Inapata uzito na karanga, na uchungu wake unavumilika.

Kuna na wanaonyunyiza sukari karaini mwishoni ili punje zing'ae. Hispania ni desturi ya zamani, wanaiita torefakto. Hiyo ndiyo karameli halisi isiyo na Maillard nyingi, imepakwa nje ya punje. Inatoa rangi nyeusi sana na uchungu wa sukari iliyoungua, lakini haiongezi hata chembe ya harufu ya kahawa yenyewe. Tena inanata kwenye karai na inafanya kinu kiwe kazi ya kusugua. Ninaielewa kwa buni dhaifu. Kwa buni ya Mbinga naiona ni hasara.

Nani ashike njia ipi

Anayechemsha birika moja kubwa na kulitembeza au kuliweka barazani jioni nzima, asogeze, aishie kwenye sauti za kwanza za mpasuko wa pili. Hivyo ndivyo nilivyomwambia binamu yangu kwa ajili ya biashara yake, na nikamwambia akaange kila siku tatu badala ya mara moja kwa wiki.

Anayepika kikombe kwa kikombe, mgeni akiwa amekaa anasubiri, akawize. Pesa aliyoilipa kwa buni nzuri ataiona puani. Vilevile anayekunywa bila sukari, maana uchungu wa kusogeza unamlazimisha mtu kurudi kwenye bakuli la sukari.

Anayeuza kahawa iliyosagwa kwa vipakiti, na hajui itanunuliwa lini, akawize pia, lakini aepue dakika moja baadaye kuliko nilivyofanya mimi. Itastahimili rafu zaidi ya ile yenye mafuta, na haitamshtua mnunuzi aliyezoea nyeusi.

Anayeanza, ambaye sikio lake bado halitofautishi mipasuko miwili, aanze na kukawiza. Mpasuko wa kwanza una sauti kubwa, na ukikosea kwa nusu dakika kikombe bado kinanyweka. Kwenye kusogeza nusu dakika ni mkaa.

Na aliye bado njia panda afanye nilichomfanyisha binamu yangu Jumamosi iliyopita. Weka gramu 400 karaini, pitisha kipande cha kati kwa dakika tano, yaani katikati ya njia mbili. Mpasuko wa kwanza ukiisha, teka nusu kwa upawa uimimine kwenye ungo. Nusu iliyobaki iendelee mpaka sauti ya kwanza ya mpasuko wa pili. Iache mikebe yote miwili ipumue mpaka kesho yake bila kuifunga kabisa, maana kahawa mpya inatoa hewa ya ukaa nyingi. Kisha chemsha birika mbili, onja sasa hivi, na uonje tena baada ya saa moja zikiwa juu ya makaa. Binamu yangu kwenye onjo la kwanza alichagua ile nyepesi bila kusita. Baada ya saa moja alisukuma kikombe chake kando akavuta kile cha nyeusi, na jioni ile ile akaenda kununua ungo wa pili.